Mdondoko haupatikani kwa kutoa 68 kutoka 80

Wiki hii nimeletewa tena ripoti ya aina ileile kuhusu mdondoko, yaani wanafunzi walioacha shule. Darasa la mwisho la msingi lilikuwa na wanafunzi 80, kidato cha kwanza cha sekondari jirani kina 68, kwa hiyo "mdondoko ni 12, sawa na asilimia 15". Nimechoka kulisahihisha kosa hili kwa mdomo, basi naliandika.

Anayetoa idadi kutoka idadi anadhani wale 68 wametoka kwa wale 80. Tuchukue hesabu hizohizo kama mfano, tufungue rejista, tulinganishe majina. Katika wale 68, wanafunzi 14 wametoka shule nyingine za msingi, na 3 wanarudia kidato. Wetu ni 51 tu. Waliotutoka machoni si 12, ni 29.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Unachukua majina 29 na kumfuatilia kila mmoja. Wanne wanarudia darasa la mwisho. Kumi na watatu wako sekondari nyingine, na huko unataka namba ya udahili kutoka shule iliyowapokea, kwa sababu barua ya uhamisho inathibitisha kwamba mtoto aliondoka, haithibitishi kwamba alifika. Tisa wako nje ya shule, umewaona au umezungumza na mzazi. Watatu hawajulikani walipo. Kwa hiyo mdondoko uko kati ya 9 na 12 katika 80, yaani kati ya asilimia 11 na 15.

Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia: "Si umeona? Umezunguka kote huko, umerudi kwenye 12 yangu." Hapana! Ile 12 ya kwanza haikuwa na jina hata moja. Ilitokea kwa sababu walioingia kutoka kwingine waliziba mapengo ya waliotoka. Wangeingia wageni 26 badala ya 14, ripoti ingesema hakuna aliyeacha, na wale tisa wangekuwa palepale walipo.

Kipindi hiki cha kuvuka kutoka msingi kwenda sekondari kina ugumu wake. Mtoto akiacha katikati ya mwaka, kuna mwalimu wa darasa anayeona alama za utoro. Akiacha kati ya msingi na sekondari, msingi wanaandika "amehitimu", sekondari hawajawahi kumwandika, na kila rejista iko safi. Hata kanuni ya kawaida, mia toa asilimia ya waliopanda toa ya waliorudia, humhesabu aliyehama kama aliyeacha. Kwa nchi nzima kosa hilo hupungua, kwani anayehama wilaya huhesabiwa anakokwenda. Kwa shule moja linaharibu kila kitu.

Sasa rudi kwa wale tisa, uulize waliondoka lini. Tuseme sita hawakuripoti kabisa, na watatu waliripoti wakapotea kabla ya wiki ya tatu, majina yakakatwa kwa kalamu kabla ya hesabu kufanywa. Hayo ni matatizo mawili. Sita walipotea likizoni, wakati hakuna shule inayojiona kuwa na jukumu nao. Watatu walipotezwa na sekondari yenyewe, mara nyingi kwa kurudishwa nyumbani kufuata sare au vifaa.

Kuhusu sababu, najihadhari. Mzazi akiulizwa hujibu "fedha", na mara nyingi ni kweli. Lakini fungua mahudhurio ya mwaka wa mwisho wa msingi: ukikuta mtoto alikosa siku moja kati ya kila kumi, au umri wake umepita wa darasa kwa miaka miwili au zaidi, ujue safari ya kuondoka ilianza kabla ya gharama za sekondari.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kabla ya kufunga, msingi wakabidhi sekondari orodha ya majina yenye simu mbili za nyumbani na alama kwa watoto wa aina hiyo. Sekondari wamteue mwalimu mmoja, na ifikapo siku ya tatu ya muhula awe amempigia au kumtembelea kila asiyeripoti. Na mtoto apokelewe bila sare, deni lizungumzwe na mzazi huku mtoto akiwa darasani. Kuhusu simu nina shaka moja: wanaopatikana kwa simu huenda ndio wangerudi hata wasipopigiwa. Ndiyo maana asiyepatikana hewani ndiye wa kutembelewa kwanza.

Na wale watatu wasiojulikana, tafadhali wawekewe safu yao, "haijulikani". Msiwasukume kwenye "amehama" ili ripoti ifungwe. Muhula wa pili tafuteni tena majina hayo matatu.