Maji ya Dayalisisi Yakitoka na Ukungu, Usimwage Mfuko

Maelezo haya yanawahusu wagonjwa wa mikoa ya Mtwara na Lindi wanaofanya dayalisisi ya tumbo nyumbani, pamoja na ndugu wanaowasaidia, nayo hayachukui nafasi ya mafunzo ambayo kila mmoja alipewa kabla ya kuruhusiwa kurudi kwake. Yameandikwa kwa sababu ya jambo moja linalojirudia kliniki: mgonjwa anafika akilalamikia tumbo, anaulizwa mfuko wa maji yaliyotoka uko wapi, naye anajibu kwamba alishaumwaga.

Kila mabadilishano ya maji huanza kabla mfuko haujaguswa. Madirisha hufungwa na feni huzimwa, kwa kuwa upepo hubeba vumbi hadi kwenye ncha ya mrija; kisha mgonjwa na yeyote aliyemo chumbani huvaa barakoa. Mikono huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata kama ni ya kumiminiwa kwa kata, na hukaushwa kwa kitambaa safi ambacho hakitumiki kwa kazi nyingine. Maji ya beseni moja linalotumiwa na nyumba nzima hayafai. Wakati wa kupulizia mikorosho, anayerudi shambani akiwa na salfa nguoni na mikononi aoge na kubadili nguo kwanza. Mfuko unaweza kusubiri nusu saa bila madhara.

Mfuko mpya, ambao kwa wengi ni wa lita 2, hukaguliwa tarehe ya mwisho wa matumizi, nguvu ya sukari iliyoandikwa, uwazi wa maji na kama unavuja. Hupashwa kwa joto kavu hadi ukaribie joto la mwili. Kuutumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto kumekatazwa tangu siku ya kwanza ya mafunzo, kwa sababu maji hayo yana vijidudu na huingia kwenye viungio, na bado tunaendelea kusikia kwamba hufanyika.

Mfuko mpya hutundikwa juu na mfuko mtupu huwekwa sakafuni. Kifuniko cha mrija wa mgonjwa hutolewa na mirija huunganishwa mara moja bila ncha kugusa chochote. Maji ya zamani hutolewa kwanza, kwa kawaida kwa dakika 15 hadi 20. Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wenye haraka: mrija wa mgonjwa ukiwa umefungwa, maji mapya kidogo huachiwa yapite moja kwa moja kutoka mfuko wa juu hadi wa chini kwa muda wa kuhesabu hadi 5. Maji hayo hutoa hewa iliyomo kwenye mrija na kusukuma vijidudu ambavyo huenda viliingia wakati wa kuunganisha, ili viishie kwenye mfuko wa taka na si tumboni. Baada ya hapo mrija wa chini hufungwa, maji mapya huingizwa kwa takribani dakika 10, mirija hutenganishwa, na kifuniko kipya chenye iodini huwekwa. Kifuniko cha zamani hakirudishwi, hata kama kinaonekana kisafi. Ncha ikigusa nguo, kidole au meza, klempu ifungwe, maji yasiingizwe, na muuguzi apigiwe simu kabla ya lolote jingine.

Kisha mfuko uliojaa hupimwa uzito na kutazamwa. Uweke juu ya gazeti penye mwanga: maji mazuri yana rangi ya njano hafifu, nawe unasoma maandishi kupitia mfuko bila shida. Maandishi yakififia au yakipotea, maji hayo yana ukungu.

Hapa ndipo dhana potofu inapotugharimu. Wapo wanaoamini kwamba maji yakitoka mazito kama maji ya kuoshea mchele, dayalisisi imefanya kazi vizuri na uchafu mwingi umetoka. Si kweli. Sumu ambazo figo zimeshindwa kuzitoa huyeyuka kabisa katika maji na hazina rangi ya ukungu. Ukungu huo ni chembe nyeupe za damu zilizokimbilia kwenye utando unaozunguka matumbo ili kupambana na vijidudu. Yaani ni ishara ya maambukizi ya utando huo, nayo inaweza kutangulia maumivu na homa kwa saa kadhaa.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Newala anayebadilisha maji mara 4 kwa siku. Saa 12 asubuhi anatoa maji yaliyolala tumboni usiku kucha, nayo hayapitishi maandishi. Haumwi, basi anayamwaga chooni. Saa 6 mchana ukungu umezidi na tumbo linauma kila anapobonyeza. Ananunua vidonge vya kuua bakteria bila cheti cha daktari na kuvimeza kwa siku mbili. Tunampokea siku ya tatu akiwa na homa. Maji yake yana chembe nyeupe 1,800 katika kila maikrolita, ilhali zaidi ya 100, nyingi zikiwa za aina iitwayo nyutrofili, zinatosha kutuelekeza kwenye maambukizi iwapo maji yalikaa tumboni angalau saa 2. Lakini kipimo cha kuotesha vijidudu hakioti kitu, kwa sababu vidonge vimedhoofisha vijidudu bila kuvimaliza. Sasa tunalazimika kutibu bila kumjua adui, kwa dawa zinazolenga aina nyingi kwa pamoja.

Angefika asubuhi ile na mfuko wake, tungechukua sampuli kwanza, kisha tungemwanzishia dawa siku hiyohiyo bila kusubiri majibu. Dawa huwekwa ndani ya mfuko mpya na kuachwa tumboni angalau saa 6, kwa kuwa hapo ndipo maambukizi yalipo. Matibabu huchukua wiki 2 au 3 kutegemea kijidudu, na ukungu unatakiwa upungue ndani ya siku mbili za mwanzo. Ukiendelea hadi siku ya 5 licha ya dawa sahihi, mrija hutolewa, na mgonjwa huhamia dayalisisi ya mashine walau kwa muda. Kwa mtu wa Nanyumbu au Liwale hilo lina maana ya kuishi karibu na hospitali yenye mashine.

Ni kweli kwamba si kila badiliko ni maambukizi. Nyuzi nyeupe chache zinazoelea katika maji yaliyo wazi mara nyingi ni protini ya kugandisha damu, wekundu kwa mwanamke unaweza kuambatana na hedhi, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huweza kufanya maji yawe meupe. Uamuzi huo ni wa maabara, si wa mgonjwa wala wa jirani aliyewahi kuona maji ya namna hiyo.

Kwa hiyo, ukiona ukungu, funga klempu za mfuko, usiutoboe, andika juu yake jina lako, tarehe, saa ya kutoa maji na saa yalipoingia. Uweke ndani ya mfuko mwingine safi, kivulini na mbali na joto la injini kama unasafiri kwa pikipiki. Piga simu ya kitengo kabla ya kubadilisha maji tena, uelekezwe kama ubadilishe nyumbani au uje kama ulivyo, na usimeze dawa yoyote ya kuua bakteria. Njoo pia na daftari lako la uzito wa mifuko. Baada ya matibabu, kila mgonjwa aliyepata maambukizi hurudia mafunzo mbele ya muuguzi kabla ya kuendelea peke yake. Anayelalamika kwamba anaadhibiwa ajue kwamba utaratibu huo ni wa wote, akiwemo aliyefanya kila kitu sawasawa.