Kreatinini ya kawaida, figo si lazima ziwe nzima

"Mama yangu ana miaka 72. Labo ya hapa Bukavu imeandika kreatinini 1.2, eti ni kawaida. Basi figo zake ni nzima?"

Hapana, hiyo peke yake haitoshi. Kreatinini ni taka ya misuli. Mwenye misuli michache hutoa kidogo, hivyo figo zinaweza kuchoka na namba isipande sana. Ndiyo maana kuna eGFR (karatasi zetu huandika DFG), inayokadiria figo zinachuja mililita ngapi kwa dakika, kwa kuhesabu pia umri na jinsia. Kijana wa kiume wa miaka 25, mbeba mizigo pale Kadutu, akiwa na 1.2 hiyohiyo, anapata kama 86. Mama yako anapata kama 48.

Hiyo 48 iko kwenye hatua ya 3a ya ugonjwa wa figo, yaani 45 hadi 59. Lakini usimpangie dialisisi! Hatua ya 5 ni chini ya 15. Tena huwezi kumwita mgonjwa wa figo kwa kipimo kimoja: kuhara au dawa kama diklofenaki huweza kuishusha eGFR kwa muda. Rudieni baada ya miezi 3, na mkojo upimwe protini iitwayo albumini.