Mkono Nilioufuta Feri

Jumamosi klabu moja ya wapiga picha hapa Dar ilinipa dakika kumi na tano nizungumzie kufuta vitu kwenye picha. Niliwaonyesha kwanza picha yangu mwenyewe, ambayo siipendi.

Niliipiga Feri, soko la samaki, saa nne asubuhi. Mama mmoja amekaa nyuma ya beseni la vibua, ameshika tama, anaangalia pembeni. Upande wa kushoto umeingia mkono wa mtu, hadi kwenye kiwiko, umeshika noti ya elfu kumi. Nikaona unachafua fremu. Nikaufuta kwa brashi, kazi ya dakika mbili, nikaiweka kwenye kabati langu la picha za kuuza. Miezi kadhaa baadaye nikaikuta kwenye ripoti moja, na maelezo chini yake yakisema wauza samaki wanakosa wateja. Na kweli, ukiitazama, mama wa watu hana mteja. Mteja nilimfuta mimi.

Watu wengi hupima kosa kwa ukubwa wa kitu kilichoondolewa. Kipimo hicho hakifai. Mkono ule haukufika hata sehemu ya ishirini ya picha, lakini ndio uliobeba habari. Swali ninalojiuliza siku hizi ni hili: mtazamaji akiiamini picha hii kama ilivyo, ataondoka akiamini jambo gani ambalo asingeliamini angeona kile nilichokitoa? Chupa ya plastiki ufukweni, kwenye picha ya kutundika sebuleni, haimpotoshi mtu. Chupa hiyohiyo ikiondolewa kwenye picha ya tangazo la hoteli inayosema ufukwe wake ni msafi, huo ni uongo. Simba mwenye kola ya kufuatiliwa shingoni, ukimvua kola kwa kompyuta, umemwambia mtu kwamba mnyama yule hafuatiliwi na watafiti.

Hapo kijana mmoja akauliza, mbona mashindano yanakataa hata vitu visivyobadilisha habari? Alikuwa na haki ya kuuliza. Mwaka 2010 waandaaji wa mashindano ya World Press Photo walimnyang'anya mpiga picha Stepan Rudik tuzo ya tatu katika kundi la makala za michezo. Picha iliyoleta kesi ilikuwa mkono wa mpiganaji wa mtaani Kiev unaofungwa bendeji. Aliikata sana kutoka fremu pana, akaigeuza nyeusi na nyeupe, na hayo hayakumponza. Kilichomponza ni kipande kidogo cha mguu wa mtu mwingine, kilichochungulia nyuma ya mkono ule, alichokifuta.

Kwa maoni yangu, mguu ule haukubadilisha chochote kuhusu pambano. Ila kuna uongo wa aina mbili. Mmoja ni kuhusu dunia: nani alikuwepo, nini kilitokea. Mwingine ni kuhusu picha yenyewe: kwamba hiki ndicho kilichoonwa na kamera. Ukikata pembeni, kilichobaki bado ni kile kilichoingia kwenye lenzi. Ukifuta katikati, umepaka rangi mahali ambapo lenzi iliona kitu kingine. Majaji hawawezi kukaa wakibishana kila mguu una uzito gani, ndiyo maana wakachora mstari. Vumbi la kwenye sensa ya kamera unaruhusiwa kulisafisha, kwa sababu halikuwepo mbele ya kamera.

Lakini mstari wao usikulaze usingizi. Ule mkono wa Feri ungeweza kukatwa badala ya kufutwa, kanuni zingenipitisha, na msomaji wa ripoti angedanganyika vilevile.

Halafu nikaikuza ile picha kwenye skrini ya ukumbi. Nikawaambia wasitafute mkono, watafute kivuli. Dada mmoja wa mstari wa pili akakiona: mstari mweusi umelala juu ya vibua, hauna mwenyewe. Pale nilipofuta, magamba ya samaki watatu yana alama moja ileile, kwa kuwa brashi ilinakili samaki mmoja. Wakati mwingine hata ukuzaji hauhitajiki. Mwaka 2007 mpiga picha wa gazeti la Toledo Blade, Marekani, alifuta miguu ya mtu aliyesimama nyuma ya bango. Wenzake walikuwa wamepiga tukio lilelile kutoka karibu naye, na kwenye picha zao miguu ipo. Akaacha kazi, na uchunguzi ukakuta picha nyingine nyingi alizozichezea.

Mwishoni akasimama bwana mmoja anayepiga harusi. Familia inamtaka amwondoe mjomba kwenye picha ya pamoja, wamekosana. Nikamwambia albamu ni yao, awafanyie, ila lile faili la kwanza alihifadhi na aandike jina la mjomba, kwa sababu miaka ishirini ijayo watoto watauliza kama alikuja. Akacheka. Mjomba alikuja, akasema, na ndiye aliyelipia picha.