Kuitika bila kuitwa: presha, potasiamu na sampuli iliyowekwa kwenye barafu

Mama mmoja wa miaka 43, muuzaji wa omena katika soko la Kibuye, alifika kliniki yangu hapa Kisumu na kikapu cha dawa. (Nimebadilisha mambo machache asitambulikane.) Alikuwa akimeza amlodipini miligramu 10, losatani miligramu 100, na dawa ya kukojoza, haidroklorothiazidi, miligramu 25. Nilihesabu vidonge vilivyobaki nikalinganisha na tarehe aliyovinunua. Hakuwa ameruka hata siku moja. Hata hivyo presha yake ilikuwa 174/106, na potasiamu 2.9, wakati kwa kawaida haipaswi kushuka chini ya 3.5. Usiku aliamka kukojoa mara nne, na jioni miguu ilimlegea hata kupanda matatu ikawa kazi.

Kote alikopita aliambiwa ni ile dawa ya kukojoza inayomaliza potasiamu. Si uongo, dawa hiyo hufanya hivyo. Nami niliisimamisha. Baada ya wiki tatu, huku akimeza vidonge vya potasiamu kila siku, kipimo kilisoma 3.1. Mshukiwa ameondoka nyumbani lakini unga bado unapungua debeni.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali, na miongoni mwa homoni zake ni aldosteroni. Kazi yake ni kuiagiza figo ishike chumvi na itoe potasiamu. Haifanyi hivyo kiholela. Presha ikishuka au chumvi ikipungua mwilini, figo hutoa renini, na renini huanzisha mfululizo unaoiamsha adrenali. Renini ndiye anayeita, aldosteroni ndiye anayeitika. Chumvi ikishatosha, renini hunyamaza na aldosteroni hushuka.

Katika ugonjwa ninaouzungumzia, adrenali huitika bila kuitwa. Mwili umejaa chumvi, renini imelala kabisa, lakini aldosteroni inaendelea kumwagika. Chumvi huvuta maji, presha inapanda, potasiamu inapotelea kwenye mkojo. Daktari Jerome Conn wa Michigan alieleza hali hii katikati ya miaka ya 1950, na wengi bado huuita ugonjwa wa Conn. Wanafunzi wangu hudhani hauwezi kuwepo bila potasiamu kushuka. Si kweli: wagonjwa wengi wana potasiamu ya kawaida, na ndiyo sababu wanapita mikononi mwetu bila kugunduliwa. Kwa watu ambao presha imekataa kushuka kwa dawa tatu, karibu mmoja kati ya watano anao. Mwongozo wa wataalamu wa homoni wa mwaka 2025 unapendekeza kila mwenye presha apimwe.

Kipimo chenyewe kwa maneno ni rahisi. Damu hutolewa mara moja, aldosteroni na renini zikapimwa pamoja, kisha ya kwanza ikagawanywa kwa ya pili. Aldosteroni ikiwa juu na renini ikiwa chini, jibu la hesabu huwa kubwa. Kwa vizio vinavyotumika katika maabara tunayotumia, jibu linalozidi 70 hivi, huku renini ikiwa chini ya 8.2, hutufanya tusimame tuangalie.

Mama huyu nilimtoa damu siku ile ile ya kwanza, kwa haraka zangu. Majibu yakarudi: aldosteroni 410, renini 14. Gawanya, unapata 29. Kawaida. Nilikuwa karibu kufunga faili, ila ile 3.1 ya baadaye ilinikera. Nikampigia simu kijana wa maabara iliyosafirisha sampuli nikamuuliza ilisafirije.

“Vizuri sana, daktari. Tuliiweka kwa barafu kutoka hapo mpaka Nairobi.”

Alifanya alichofundishwa, maana sampuli nyingi hupenda baridi. Renini haipendi. Ndani ya damu mna prorenini nyingi, yaani renini ambayo bado haijafunguliwa. Plazma, yaani maji ya damu bila chembe zake, ikikaa kwenye baridi ya barafu au friji bila kuganda, prorenini hiyo hufunguka yenyewe, na mashine huihesabu kama renini. Renini iliyolala inaonekana kama imeamka, na hesabu inashuka. Kinachotakiwa ni damu ikae kwenye joto la kawaida la chumba, izungushwe mapema kwenye mashine ya kutenganisha plazma, halafu plazma igandishwe haraka hadi iwe jiwe na isafiri hivyo. Inayodhuru ni ile baridi ya katikati.

Lakini nisimtupie kijana mzigo wote. Makosa mawili yalikuwa yangu. Losatani na dawa ya kukojoza huinua renini, na potasiamu iliyo chini huishusha aldosteroni yenyewe, kwa hiyo nilipima siku ambayo kila kitu kilisaidia kuuficha ugonjwa. Dawa za aina ya atenololi, kwa upande wao, hulaza renini na kumfanya asiye mgonjwa aonekane mgonjwa.

Tukaanza upya. Dawa ya kukojoza ilikuwa imeachwa kwa zaidi ya wiki nne, na losatani tuliiacha kwa wiki mbili, tukaweka doksazosini, ambayo haisumbui kipimo sana, huku presha ikipimwa kila siku mbili. (Usijaribu hili nyumbani, kuna watu ambao hatuthubutu kuwaondolea dawa, na kwao tunapima hivyo hivyo kisha tunasoma majibu tukikumbuka wanameza nini.) Vidonge vya potasiamu tuliongeza mpaka ikafika 4.1. Nikamwambia ale chumvi kama kawaida yake, jambo lililomshangaza, kwa sababu miaka sita ameambiwa aiache. Kujinyima chumvi huamsha renini.

Siku ya kipimo aliamka saa kumi na moja, akatembea shughuli zake, akafika saa tatu. Akakaa kwenye kiti dakika kumi. Muuguzi alimfunga mpira mkononi kwa muda mfupi na kumwambia asikunje ngumi, maana kukunja ngumi hupandisha potasiamu ya uongo. Safari hii: aldosteroni 690, renini 2.1. Hesabu, 329.

Kwa wagonjwa wengi tungethibitisha kwa kuwapa lita mbili za maji ya chumvi mshipani kwa saa nne. Aldosteroni yenye nidhamu hushuka. Ya Conn hubaki juu. Mama huyu hakuhitaji. Potasiamu ilikuwa imeshuka bila dawa ya kukojoza, renini imelala, na aldosteroni ilizidi 550, hivyo hapakuwa na la kuthibitisha.

Linalobaki ni kujua kama ni adrenali moja au zote mbili, kwa kuwa moja inaweza kuondolewa kwa upasuaji, ilhali mbili hutibiwa kwa dawa. Skani ilionyesha kivimbe cha sentimita 1.4 upande wa kushoto. Akaniuliza kwa nini tusikitoe tu. Nilimweleza kuwa katika umri wake vivimbe visivyo na hatia huwa vya kawaida, na kivimbe kinaweza kukaa kushoto huku homoni ikitoka kulia. Jibu la hakika ni kupitisha mrija mwembamba kutoka pajani hadi kwenye mshipa wa kila adrenali na kuchota damu pande zote mbili. Ule wa kulia ni mfupi na mgumu kuupata, hata kwa fundi.

Anapojipanga kwa gharama za kipimo hicho, tumemwanzishia spironolaktoni, miligramu 25 kisha 50, ambayo huizuia aldosteroni isisikike kwenye figo. Vidonge vya potasiamu tuliviondoa siku hiyo hiyo, kwa sababu viwili hivyo pamoja vinaweza kuipandisha kupita kiasi. Baada ya wiki nane presha ilisoma 134/84 akiwa na amlodipini tu kando yake, na potasiamu 4.4. Anaamka usiku mara moja. Fomu zangu za maabara sasa zina mstari wa wino mwekundu: RENINI, ISIWEKWE KWENYE BARAFU.