VaR ya hisa: data ileile, njia mbili, na majibu yanayopishana

VaR ni kipimo cha hasara ambayo potifolio inaweza kupata, na watu wengi wakiona VaR mbili za potifolio moja hazilingani wanadhani kuna mtu kakosea hesabu. Mi nilikuwa hivyohivyo mwanzoni, nikakaa nakagua fomula jioni nzima kumbe hakuna kosa lolote, njia zenyewe ndo zinaona mambo tofauti.

Tuchukue potifolio ya milioni 10, asilimia 60 iko kwenye hisa A na 40 kwenye hisa B, na tuna bei za siku 500 zilizopita. VaR ya siku moja kwa asilimia 99 inasema hivi: katika siku 100, ni siku kama 1 tu hasara itazidi kiasi hiki. Haisemi itazidi kwa kiasi gani, hapo wengi wanateleza.

Njia ya parametriki inadhani mabadiliko ya kila siku yanafuata ule mchoro wa kengele, kwa hiyo inachohitaji ni mkengeuko wa kawaida na uhusiano wa hisa zenyewe. Tuseme A ina mkengeuko wa 1.5% kwa siku, B 2%, na uhusiano wao ni 0.3. Ukizidisha kwa uzito wa kila hisa, yaani 0.6 na 0.4, unapata 0.9 na 0.8, afu unafanya 0.81 + 0.64 + 2 × 0.3 × 0.9 × 0.8 = 1.882, kipeuo chake cha pili ni kama 1.372%. Kwa 95% unazidisha na 1.645, unapata hasara ya kama 226,000, na kwa 99% unazidisha na 2.326 inakuja kama 319,000. Wastani wa faida ya siku nimeuacha sifuri maana kwa siku moja ni mdogo mno.

Njia ya kihistoria haina habari na kengele. Unachukua mabadiliko ya A na B ya kila siku kati ya zile 500, unayapiga kwa uzito wa LEO (sio uzito uliokuwa nao siku ile, hili kosa nimeliona mara nyingi sana), unapata faida au hasara 500, unazipanga kuanzia mbaya kabisa. Kwa 99% unasoma ya 5, kwa 95% ya 25. Kwa Python inakuwa hivi, r ni mabadiliko ya kila siku, w ni uzito, S ni jedwali la kovariansi ya A na B, na jibu unalizidisha na milioni 10:

```python
hist = -np.sort(r @ w)[4]
para = 2.326 * np.sqrt(w @ S @ w)
```

Tuseme sita mbaya kabisa ni -7.9%, -6.1%, -5.2%, -4.6%, -4.4% na -3.3%, na ya 25 ni -2.0%. Basi kihistoria 99% ni 440,000, juu sana kuliko 319,000, lakini kwa 95% ni 200,000, yaani CHINI ya parametriki! Sababu ni mikia minene: siku nyingi za soko zimetulia kuliko kengele inavyodhani, afu chache zinakuja na kishindo. Hizo chache zinauvuta mkengeuko juu, kwa hiyo kengele inakuwa pana mno pale katikati na fupi mno kule mwisho. Tarehe 19 Oktoba 1987 Dow Jones ilishuka 22.6% kwa siku moja, na kwa kengele yenye mkengeuko wa 1% kitu hicho hakitakiwi kutokea hata dunia ikizeeka.

Kwa hiyo kihistoria ndo bora? Ngoja kwanza. Kwenye 99% jibu lako lote limeshikiliwa na siku 5. Siku ile ya -7.9% ikifikisha siku 500 inatoka kwenye dirisha, ya 5 sasa ni -3.3%, na asubuhi VaR imeshuka kutoka 440,000 hadi 330,000 wakati hujauza hata hisa moja na soko halijafanya kitu. Parametriki nayo inashuka ila kidogo tu, kutoka 319,000 hadi kama 308,000, kwa sababu inatumia siku zote 500. Mi niliwahi kupongezwa kwa kupunguza hatari kumbe ni kalenda tu imesogea, ikabidi nieleze, aibu kidogo.

Tangu hapo kwenye ripoti naweka namba zote mbili, na chini yake tarehe za zile siku 5 mbaya na siku zilizobaki kabla kila moja haijatoka dirishani. Afu nahesabu siku ambazo hasara ilizidi VaR ya 99% kwenye siku 250 za mwisho. Zinazotegemewa ni 2 au 3, na kanuni za Basel za kusimamia benki zinaweka hadi 4 kwenye kijani, 5 hadi 9 njano, 10 na kuendelea nyekundu. Parametriki ikinipa 7 na kihistoria 3, najua mkia umenenepa, na ile 319,000 siipeleki kwa bosi peke yake.