Glasi ya Sh 1,000 inakugharimu kiasi gani ikifika dukani?

Tuchukue glasi 4,800 kutoka Guangzhou, katoni 100 zenye glasi 48 kila moja. Muuzaji analipwa Sh 1,000 kwa glasi, yaani Sh 4,800,000. Mzigo unajaza mita za ujazo 4 kwenye kontena la kuchangia, na nauli ya meli ni Sh 1,200,000. Bima ni Sh 80,000. Jumla ni Sh 6,080,000, na hapo ndipo forodha inapoanzia hesabu yake. Wengi hukokotoa ushuru kwenye bei ya kiwandani peke yake, halafu wanashangaa wakiona makadirio.

Ushuru tuuweke asilimia 25. Kiwango halisi hutegemea msimbo wa HS, yaani namba ya kimataifa inayotambulisha aina ya bidhaa, kwa hiyo muulize wakala kabla ya kuagiza. Unakuwa Sh 1,520,000. Tozo ndogo za forodha tuziweke Sh 120,000. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya vyote hivyo, Sh 7,720,000, nayo ni Sh 1,389,600. Ukiwa umesajiliwa VAT utaidai, hivyo usiiingize kwenye gharama. Hapa tunamhesabia asiyesajiliwa.

Wakala wa forodha, gharama za bandari kavu, lori hadi Kariakoo na wapakuaji: Sh 700,000. Ada ya wakala mara nyingi haipungui kwa sababu mzigo ni mdogo, ndiyo maana katoni 20 huumiza kuliko 100.

Jumla kuu ni Sh 9,809,600. Ukigawa kwa 4,800 unapata Sh 2,044. Hesabu hiyo si sahihi, maana tuseme glasi 240 zimevunjika njiani, na vigae haviuziki. Gawa kwa zilizo nzima, 4,560: kila glasi imekugharimu Sh 2,151.

Kosa la kawaida ni kusema, “Zilizovunjika ni 240 mara elfu moja, nimepoteza laki mbili na arobaini.” Lakini kila glasi iliyovunjika ilishalipiwa meli, ushuru na lori. Hasara ni takriban Sh 490,000, zaidi ya maradufu.

Kiasi cha kuvunjika kipate kwa kuhesabu, usikibahatishe. Tikisa kila katoni kabla dereva hajaondoka. Inayolia, ifungue mbele yake, piga picha, na uandike idadi kwenye hati ya makabidhiano kabla ya kusaini. Bila maandishi hayo, kudai bima ni kazi ngumu.

Kama unauza kwa seti ya sita, usiuze seti yenye pengo kwa bei ya kutupa. Fungua seti chache zilizopungua ukamilishie nyingine: glasi 4,560 zinatoa seti 760 kamili, na kila seti imekugharimu takriban Sh 12,907.

Ukichanganya glasi na masufuria kwenye mzigo mmoja, nauli igawe kwa ujazo, ila ushuru uhesabu kila bidhaa kwa thamani na kiwango chake. Ukigawa nauli kwa thamani, masufuria ya bei kubwa yatabeba nauli ya glasi, nawe utauza glasi kwa hasara usiyoiona.