Riyali zilezile, shilingi pungufu: yanayosemwa Malindi kuhusu mama aliye Saudia

Mdogo wangu anafanya kazi za nyumbani Riyadh. Watoto wake wawili wanalelewa na mama yetu hapa Barani, Malindi. Mimi nina kibanda cha M-Pesa, kwa hiyo pesa zake hupitia mikononi mwangu, na maneno ya majirani hupitia masikioni mwangu.

Linalosemwa: "Amepunguza pesa. Kuna kitu anaficha."

Hili lilikaribia kututenganisha. Mshahara wa mdogo wangu ni riyali 1,000 kwa mwezi. Hutuma 800, zinazobaki ni za bando, sabuni na akiba kidogo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 zile 800 zilifika kama shilingi 34,000. Ilipofika Mei zilikuwa kama 28,000. Mama akaniita kando: "Mwanangu, mdogo wako amebadilika. Au ameolewa huko?"

Hakuwa amepunguza hata riyali moja. Riyali imefungwa kwa dola tangu 1986: dola moja ni riyali 3.75, haipandi wala haishuki. Kwa hiyo riyali 800 ni dola 213 na ushei, mwaka nenda mwaka rudi. Kinachocheza ni shilingi yetu. Januari 2024 dola ilikuwa imefika kama shilingi 160. Februari serikali ikauza hati mpya za mkopo nje ili kulipa deni lililokuwa likiiva Juni, hofu ikapungua, na shilingi ikapata nguvu hadi kama 130 kwa dola. Zidisha 213 kwa 160, kisha kwa 130, utaona elfu sita na zaidi zimepotea bila mtu kuziiba. Redioni walisema shilingi imeimarika, na ni kweli. Lakini unga haukushuka bei kwa kasi hiyo, na karo haikushuka kabisa.

Ada ya kutuma na kiwango cha anayebadilisha fedha navyo hula kidogo. Ujumbe unaoingia kwenye simu Malindi huonyesha shilingi tu, ndiyo maana shaka hupata pa kuota. Dawa yake ni stakabadhi ya kule, inayoonyesha riyali zilizotoka na kiwango kilichotumika. Mdogo wangu sasa huipiga picha na kunitumia kila mwezi, nami humsomea mama. Wakakubaliana pia kwamba shilingi ikipata nguvu, cha kwanza kupunguzwa ni fungu la matofali ya kiwanja, si chakula wala shule. (Lile fungu ndilo majirani hulihesabu wanaposema tumetajirika. Hadi leo ni msingi na nyasi.)

Linalosemwa: "Hapigi simu, amewasahau watoto."

Wengine husingizia tofauti ya saa. Haipo: Riyadh na Malindi saa ni moja. Shida ni saa za kazi. Yeye hushika simu yake mwajiri wake akishalala, mara nyingi usiku wa manane, na Ramadhani kazi humfikisha hadi daku. Watoto wakati huo wamelala fofofo. Akipiga mchana, ni dakika mbili za kunong'ona jikoni.

Kilichosaidia ni sauti za WhatsApp. Anarekodi usiku, watoto wanasikiliza asubuhi wakinywa chai, nao wanamjibu. Mtoto wake mdogo humsomea hadithi ya kitabu cha shule. Anaisikia saa sita usiku, lakini anaisikia.

Linalosemwa: "Anamwita nyanya mama, basi mamake hamjui."

Kwetu mtoto ana mama mkubwa na mama mdogo, na wote ni mama. Huyu mtoto mdogo humwita nyanya yake "mama" na mamake "umi", na hajawahi kuwachanganya. Jina ni la anayemwogesha na kumfunga kamba za viatu.

Ugumu ulionekana kwenye likizo. Kanuni za Saudia humpa mtumishi wa nyumbani mwezi mmoja wenye mshahara akimaliza miaka miwili na kuongeza mkataba. Wiki ya kwanza mtoto huyo mdogo alijificha nyuma ya mlango na kulala kwa nyanya. Mdogo wangu alilia, akataka kumkemea. Mama akamzuia, akamwambia aanze kumpeleka madrasa tu. Wiki ya tatu ndipo mtoto alipoanza kumletea mamake daftari zake. Umi akikataa jambo, alikimbilia kwa nyanya, na nyanya, mara mbili nikiwa nashuhudia, alimpa. Hapo ndipo wawili hao waligombana kweli, si kwa pesa.

Linalosemwa: "Nyanya yupo, hakuna kitakachokwama."

Mtoto mkubwa alipohitaji cheti cha kuzaliwa shuleni, tulipekua kabati zima. Kilikuwa ndani ya begi Riyadh, katikati ya karatasi za mkataba. Picha yake ilifika usiku uleule, chenyewe kikaja baada ya wiki saba na jirani aliyekuwa akirudi.